Tarakimu Zinazosomwa kwa Sauti: Bei, Simu na Anwani za Wachina na Wavietinamu Mikononi mwa Mfasiri

Katika duka moja la vitambaa mjini Guangzhou, mfanyabiashara wa Kariakoo niliyekuwa nikimkalimania alishika ncha ya pazia, akaisugua kwa vidole viwili, akaniambia: "Kaka, mwambie mia mbili na hamsini tumalize maneno." Bei iliyotajwa ilikuwa yuani 288 kwa kipande. Niliyatafsiri maneno yake kama yalivyo, bila kosa la sarufi wala la hesabu. Mwenye duka, mama wa makamo aliyekuwa ameshaanza kukikunja kitambaa, alisimama, akatazama pembeni, kisha akachukua kikokotoo, akabonyeza 260 na kutugeuzia. Mteja wangu aliona anakataliwa kwa kiburi, akashikilia 250 yake. Mama akafuta, akabonyeza 248. Hapo mteja aliduwaa, maana bei ilikuwa imeshuka chini ya ile aliyoiomba mwenyewe, na muuzaji ndiye aliyeishusha.

Kilichotokea ni kwamba 250, ikisomwa kwa Kimandarini kama bei, yaani "er bai wu", ni tusi. Anayeitwa hivyo ameitwa mpumbavu, tena mpumbavu wa kujishaua. Kumtajia mtu bei hiyo si kumtukana moja kwa moja, kwa sababu kila mtu anajua kwamba kuna vitu vinavyogharimu kiasi hicho, lakini muuzaji na mnunuzi wote wawili hulisikia neno lile likipita kati yao, na wengi wataongeza au kupunguza yuani moja au mbili ili lisitajwe. Nilijua hayo yote kabla ya kuingia dukani. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba tarakimu haina tafsiri, kwamba 250 ni 250 popote duniani, na kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kuihamisha tu kutoka mdomo huu kwenda sikio lile.

Tangu siku hiyo nimeshikilia rai moja ambayo ningependa kuitetea hapa. Tarakimu katika Kichina na Kivietinamu ni maandishi yanayosomwa kwa sauti, na mfasiri anayetaka kuitendea haki lazima kwanza ajue inasomwaje, na nani, na kwa kazi gani. Tanbihi tuliyoizoea, ile inayosema kwamba kwa watu wa Asia ya Mashariki nane ni bahati na nne ni kifo, haitoshi, na mara nyingine inapotosha.

Ulinganishe usomaji wa 250 na wa 168, nambari ambayo utaikuta kwenye vibandiko vya bei, kwenye majina ya maduka na kwenye anwani za tovuti za Kichina. Ikitajwa kama bei, 168 inasomwa "yi bai liu shi ba", mia moja sitini na nane, na haina lolote la ajabu. Bahati yake hupatikana pale jicho linapoisoma tarakimu moja moja: yi, liu, ba. Hapo inakaribia sauti za "yi lu fa", maneno yenye maana ya kustawi njia nzima. Kwa 250 mambo ni kinyume chake. Tusi limo katika usomaji wa bei, wenye neno la mia ndani yake; ukiisoma tarakimu moja moja, kama katika nambari ya simu, unapata "er wu ling", na makali yake yamepungua sana. Kwa hiyo nambari zilezile tatu hubeba mzigo mmoja zikiwa kwenye kibandiko cha bei na mzigo mwingine zikiwa katikati ya nambari ya simu. Hakuna orodha ya nambari nzuri na mbaya inayoweza kuonyesha jambo hilo, kwa sababu orodha haisemi nambari imeandikwa wapi.

Simu ina kawaida yake pia. Mtu wa bara China anapokutajia nambari ya simu au ya chumba, tarakimu ya moja mara nyingi huitamka "yao" badala ya "yi", ili isichanganywe na saba, ambayo ni "qi". Sasa "yao" inafanana na neno la kutaka au kukaribia, na "si", nne, inafanana na neno la kufa, tofauti ikiwa ni toni tu: ya nne inashuka, ya kifo inazama kisha kupanda. Ndiyo maana 14 katika simu au kwenye mlango wa chumba inasikika kama kutaka kufa, wakati 14 ileile katika bei, "shi si", haina sauti hiyo ya kutaka. Imebaki na ile nne peke yake. Mfasiri anayefafanua 14 kwa kusema "kwa sababu ina nne ndani yake" amesema nusu ya jambo.

Kisha kuna suala la ni Kichina kipi. Mapenzi ya nane yalipata nguvu zaidi Hong Kong na Guangdong, katika Kikantoni, ambako nane ni "baat" na kustawi ni "faat", sauti zinazokaribiana kuliko "ba" na "fa" za Kimandarini. Yalienea baadaye hadi bara zima, kiasi kwamba mwaka 2003 shirika la ndege la Sichuan lilinunua nambari ya simu 8888 8888 kwa mnada wa yuani milioni 2.33, na Michezo ya Olimpiki ya Beijing ikafunguliwa tarehe 8 Agosti 2008 saa mbili usiku, ambayo kwa hesabu yao ni saa nane. Lakini nambari nyingine hazikusafiri. Mwaka 2016 kibao cha gari chenye nambari 28 tu kilipigwa mnada Hong Kong kwa dola milioni 18.1 za huko. Anayejua Kimandarini peke yake ataona nane na kuridhika, bila kuelewa kwa nini mbili imeongeza thamani. Katika Kikantoni mbili hutamkwa sawasawa na neno la urahisi, toni ikiwa ileile, kwa hiyo 28 ni kustawi kwa wepesi. Habari ya namna hiyo ikifika kwetu kupitia mtu aliyesomea Beijing, sehemu nzuri zaidi ya hadithi imekwisha kupotea.

Kivietinamu kinahitaji maelezo marefu zaidi kidogo, na msomaji wa Kiswahili ana bahati ya kukielewa kwa haraka kuliko Mwingereza. Sisi wenyewe tunahesabu kwa tabaka mbili za maneno. Tunasema moja, mbili, tatu, nne kwa Kibantu, kisha sita, saba, tisa, ishirini na thelathini kwa asili ya Kiarabu, na wazee wa pwani bado wanakumbuka edashara na thenashara kwa kumi na moja na kumi na mbili. Chukulia kwamba neno thenashara lingefanana na neno la msiba, na kumi na mbili lisingefanana na chochote. Ungesema kumi na mbili siku nzima bila wasiwasi, lakini ungeikataa nyumba yenye nambari hiyo, kwa sababu ungemsikia bibi yako akiisoma thenashara.

Ndivyo ilivyo Vietinamu. Maneno ya kila siku ya nne, sita, saba na nane ni bốn, sáu, bảy na tám, na hakuna hata moja linalogusa kifo wala mali. Chini yake kuna tabaka la maneno yaliyotoka Kichina karne nyingi zilizopita: nne ni tứ, karibu na tử, kifo, sita ni lục, karibu na lộc, neema, nane ni bát, karibu na phát, kustawi. Mtu anapouza laini ya simu inayoishia na 68, haiiti "sáu tám" kama anavyohesabu mayai sokoni. Huiita "lộc phát", neema na ustawi, na wauzaji wa laini wana fungu zima lenye jina hilo. Bei za dong 68,000 na 168,000 hutoka humohumo. Bahati hutokea pale msomaji anapohama kutoka tabaka moja kwenda jingine, na mfasiri anayemjua mhusika wake atajua kama ni mtu wa kuhama hivyo au la.

Saba ndiyo inayoonyesha wazi kwamba hizi si mila moja. Katika Kimandarini saba haiogopwi sana kwa sauti yake. Katika Kivietinamu tabaka la zamani linaitamka thất, sawasawa kabisa na neno la kupoteza. Ikikutana na nane inakuwa "thất bát", na hilo ni neno la kawaida la Kivietinamu kwa mavuno mabaya au biashara iliyokwenda mrama. Mfanyabiashara mwenye kusikia hivyo hatapenda simu inayoishia na 78. Hata hivyo, kuna Wavietinamu wengine wanaoipenda 78 na kuilipia, kwa sababu katika mchezo wa kubahatisha wa nambari, ambamo kila nambari ina mnyama au mungu wake na majina hurudiwa kila baada ya hatua arubaini, 38 na 78 ni za mungu wa ardhi, mdogo na mkubwa, na 39 na 79 ni za mungu wa mali. Nambari moja, nchi moja, mtaa mmoja, na jirani wawili wanaisoma kwa kamusi tofauti. Ukihamia na 38 hiyo hadi Beijing, umebeba neno la kumdhalilisha mwanamke. Ukienda nayo Hong Kong, wapo wanaoisikia kama uhai na ustawi.

Kwa hiyo mfasiri afanye nini? Kuhusu tarakimu yenye kazi, sina shaka hata kidogo. Nambari ambayo mtu ataipiga, kiasi ambacho mtu atalipa, na mlango ambao mtu ataubisha haviguswi, hata kama tafsiri inapoteza utamu wote. Hatari yake huonekana zaidi katika anwani kuliko katika simu.

Mwaka 2009 Hong Kong kulizuka mjadala mkubwa kuhusu jengo la makazi la nambari 39 katika barabara ya Conduit. Jengo lilikuwa na ghorofa 46, lakini nambari za ghorofa zilifika 88. Zile zenye nne ziliachwa, baada ya 39 ikaja 60, na baada ya 68 ikaja 88. Mwandishi wa habari anayetafsiri haraka ataandika "jengo lenye ghorofa 88", na atakuwa ameongeza karibu jengo zima juu ya lile lililopo. Mwingine, aliyesikia habari za nambari zilizorukwa, atajaribu kusahihisha anwani na kuandika ghorofa ya arubaini na kitu, na barua yake haitafika, kwa maana kitufe cha lifti kinasema 68. Sahihi ni kuzitenga kazi mbili: "nyumba iliyoko kwenye ghorofa inayoitwa ya 68, katika jengo la ghorofa 46". Neno "inayoitwa" linatosha. Jambo hili lina uzito nje ya vitabu pia. Mwaka 2015 jiji la Vancouver, ambako wakazi wenye asili ya Kichina ni wengi, liliagiza ghorofa za majengo mapya zihesabiwe bila kuruka, kwa sababu mzimamoto anayepanda ngazi gizani anahesabu ghorofa kwa miguu yake.

Vietinamu utakutana zaidi na 12A mahali pa 13. Nimeona tafsiri iliyoisahihisha kuwa 13 kwa nia njema, mfasiri akidhani A ni kosa la uchapaji. Dalili ya kujua kwamba si kosa ni rahisi: tafuta 12B, au tafuta 13 yenyewe. Kama baada ya 12A inafuata 14, basi A hiyo imewekwa kwa makusudi na ibaki ilivyo.

Bei ni ngumu zaidi, kwa kuwa bei hubadilishwa sarafu. Simu ya iPhone X ilipotoka mwaka 2017, bei yake ya kuanzia Marekani ilikuwa dola 999 na bara China ilikuwa yuani 8,388. Zote mbili ni bei zilizopangwa ili ziingie vizuri machoni mwa mnunuzi, moja kwa kukwepa elfu, nyingine kwa kukusanya nane. Ukizigeuza kuwa shilingi, zote zinakuwa takwimu ndefu zisizomwambia msomaji lolote. Katika habari ya uchumi hilo halina madhara, kwa sababu msomaji anataka kujua ukubwa wa bei. Katika riwaya au tamthilia, ambamo mhusika ametoa zawadi ya yuani 888, kuibadilisha sarafu ni kuifuta zawadi yenyewe. Tofauti na hizo ni jina la bidhaa, ambalo si deni wala anwani. Gari la Alfa Romeo 164 liliuzwa Hong Kong kwa jina la 168, na hapo aliyebadilisha tarakimu alifanya kazi ya mfasiri mzuri, kwa sababu jina lilitakiwa lipendwe.

Acha nionyeshe kwa mfano mmoja nilioutunga kwa kufuata hadithi za kila siku za Vietinamu. Tuseme mwandishi ameandika, kwa ufupi wa kawaida kwao: Bwana mmoja alilipia laini ya 6868, akakataa kibao cha pikipiki kilichoishia na 4953, akapanga nyumba ya 12A. Sentensi ya namna hiyo haihitaji maelezo kwa Mvietinamu. Anajua kwamba 49 na 53 ni umri unaohofiwa, kwa ule msemo wao kwamba arubaini na tisa haijapita na hamsini na tatu imekwisha kufika. Mfasiri wa Kiswahili akiiacha kavu, msomaji atamwona bwana huyu kuwa mtu wa kupenda nambari bila sababu. Akiweka tanbihi tatu, amegeuza hadithi kuwa somo la darasani. Mimi ningeandika hivi: "Alilipia laini iliyoishia na 6868, neema juu ya neema, akakataa kibao cha 4953, maana miaka arubaini na tisa na hamsini na tatu ndiyo inayochukua watu, na nyumba akapanga 12A, kwa sababu kumi na tatu haikuwapo mtaani." Tarakimu zote zimebaki, na kila moja imepewa maneno machache yanayoweza kuwa mawazo ya mhusika mwenyewe. Katika maandishi ya chini ya filamu hata hayo ni mengi, na hapo ningechagua moja tu, ile inayosukuma kisa mbele, na nyingine ningeziacha zipite.

Ninachokikataa kabisa ni ile desturi ya kuandika "Wachina wanaamini kwamba". Mara nyingi suala si imani. Kwetu pwani zipo nyumba ambamo usiku chumvi haiombwi kwa jina lake, wala sindano, na nyoka huitwa kamba. Mtoto hufundishwa hivyo, na akikua huendelea hata kama hategemei dhara lolote, kwa sababu kumtamkia mwenzio neno hilo gizani ni ukosefu wa adabu. Yule mama wa Guangzhou hakuwa na hofu nilipomtajia 250. Alikuwa akitafuta njia ya kutulinda sote watatu tusiachane na neno baya mkononi, na yuani mbili ndizo alizoona zinafaa kulipia hilo. Mfasiri anayeandika "imani" mahali pa heshima amembadilisha mhusika kuwa mtu mwingine.

Siku hizi, kabla ya kuingia dukani, humwambia mteja mambo mawili tu: asitaje 250, na akitaka kupunguziwa aombe bei inayoishia na sita au nane. Akisahau na kuitaja, simtafsirii papo hapo. Namgeukia na kumuuliza kwa Kiswahili kama yuko tayari kwa 248 au 251, naye akichagua, hiyo ndiyo ninayoitamka.